Msitununulie ajira kwa kupandisha bei: barua ya wazi kutoka Mtwara

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania,
na Waheshimiwa Wabunge wa mikoa ya Mtwara na Lindi.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Huku Kusini kuna hoja inayozidi kupata wasikilizaji, na nimeona niwaandikie kabla haijafika mezani kwenu ikiwa na sura ya madai ya wananchi wote. Inasema hivi: mfumuko wa bei nchini umetulia kwenye asilimia 3 na kidogo, vijana wetu wamejaa vijiweni bila kazi, basi Benki Kuu ilegeze fedha kwa nguvu zaidi. Bei zikipanda hata kwa asilimia 8 kwa mwaka si neno, mradi vijana wapate kazi. Nimeisikia kwa wafanyabiashara wa sokoni, kwa wazee wa ushirika, na kwa vijana wenyewe.

Nawaombeni msiifuate. Nafundisha Uchumi kidato cha tano na sita hapa Mtwara, na siku ambazo sina vipindi nawaandikia hesabu akina mama wa kikundi cha kubangua korosho. Kazi hizo mbili zimenionyesha jambo moja kutoka pande mbili, na ndilo nataka kulieleza kwa kirefu, kwa sababu hoja hiyo haina uongo mtupu ndani yake. Ina ukweli wa msimu mmoja. Tatizo lake liko kwenye msimu wa pili.

Ukweli huo una historia. Mwaka 1958, A. W. Phillips, mzaliwa wa Nyuzilandi aliyekuwa akifundisha London, alichapisha uchunguzi wa takwimu za Uingereza kuanzia mwaka 1861 hadi 1957. Alipanga miaka hiyo yote kwenye mchoro, upande mmoja ukosefu wa ajira, upande mwingine kasi ya kupanda kwa mishahara, akaona nukta zinajipanga kwenye mstari uliopinda unaoteremka. Miaka ambayo watu wengi walikuwa na kazi, mishahara ilipanda haraka. Miaka ya ukosefu mkubwa wa ajira, mishahara ilisimama au ikashuka. Miaka miwili baadaye Paul Samuelson na Robert Solow wakafanya kazi ya namna hiyo kwa Marekani wakitumia mfumuko wa bei, na wanasiasa wakaanza kuusoma mkunjo wa Phillips kama orodha ya bei dukani: ukitaka ukosefu wa ajira upungue kiasi hiki, lipa mfumuko kiasi kile. Hoja ya Kusini leo ndiyo hiyohiyo, hata kama wanaoisema hawajawahi kumsikia Phillips.

Sasa tuingie karakanani, maana ndani ya karakana ndimo mstari huo unamotengenezwa.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: korosho ghafi huchemshwa kwa mvuke, zikaachwa zipoe zikauke, kisha mbanguaji hukaa kwenye mashine ya kisu inayokanyagwa kwa mguu na kupasua moja baada ya nyingine. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, kwa hiyo akina mama hujipaka mafuta ya kula au majivu mikononi kabla ya kuanza. Malipo ni kwa kilo ya korosho karanga anayopima mwisho wa siku. Jambo la kuzingatia ni hili: bei ya kilo moja ya kubangua hupatanwa mara moja, mwanzoni mwa msimu, mwezi wa kumi, na haiguswi mpaka msimu mwingine. Anayebangua anakubali leo bei atakayokuwa analipwa miezi kumi ijayo, bila kujua unga na mafuta ya taa vitakuwa shilingi ngapi wakati huo. Anachoweza kufanya ni kukisia. Kisio hilo ndilo wachumi wanaliita mfumuko wa bei unaotarajiwa.

Nichukue karakana ya mfano yenye wabanguaji 20, kwa namba nilizozirahisisha makusudi. Oktoba wanapatana shilingi 2,000 kwa kilo. Kwa miaka kadhaa bei zimekuwa zikipanda kwa asilimia 3, na wote wawili, mwenye karakana na wabanguaji, wanaamini mwaka huu utakuwa vilevile. Kwa hiyo wote wanajua kuwa zile 2,000, bei zikishapanda asilimia 3, zitanunua vitu vya shilingi 1,942 za Oktoba. Mbanguaji ameridhika na 1,942 hiyo. Mwenye karakana naye ameona kwa gharama hiyo watu 20 wanamtosha.

Halafu fedha zinalegezwa na bei zinapanda kwa asilimia 8. Tuseme kila kitu kinapanda sawasawa: korosho ghafi, kuni, umeme, na korosho karanga anazouza Dar es Salaam. Kitu kimoja tu hakijapanda, ile 2,000 waliyopatana. Thamani yake sasa ni shilingi 1,852 za Oktoba. Kwa mwenye karakana, kazi ya kubangua imekuwa rahisi kwa karibu asilimia 5 ukilinganisha na alivyopanga, ilhali mauzo yake yamepanda pamoja na bei nyingine. Anaita wengine watatu. Sasa wako 23. Ukienda na daftari la takwimu siku hiyo utaandika: mfumuko umetoka 3 hadi 8, ajira zimeongezeka. Mkunjo wa Phillips umefanya kazi mbele ya macho yako.

Lakini tuulize nani amelipia zile kazi tatu. Benki Kuu haikutoa hata senti. Wamelipa wale wabanguaji 20 wa mwanzo, kila mmoja shilingi 90 kwa kila kilo, tofauti ya 1,942 aliyoikubali na 1,852 aliyoipata. Mwanamke anayebangua kilo tano kwa siku amepoteza 450 kila siku bila kuulizwa. Kazi hizo zimepatikana kwa sababu alikisia vibaya, na alikisia vibaya kwa sababu aliiamini asilimia 3 yenu. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika hoja nzima. Mwenye duka anabadilisha bei yake asubuhi yoyote anayotaka. Mwenye lori anabadilisha nauli ya mzigo kila mafuta yanapopanda. Mbanguaji, kibarua wa palizi na mstaafu ndio wamefungwa na makubaliano ya zamani, na ndio wanaokamuliwa ili namba ya ajira ipendeze.

Oktoba nyingine inafika. Akina mama hawajasoma Phillips, lakini wanajua kwamba debe la unga limepanda. Wanakaa kupatana upya, na safari hii wanadai mambo mawili kwa pamoja: kurudishiwa walichopoteza mwaka uliopita, na kukingwa dhidi ya mwaka unaokuja, ambao sasa wanaamini nao utapanda kwa asilimia 8. Ukipiga hesabu, ili mtu apate tena zile 1,942 za mwanzo, bei zikiwa zimeshapanda asilimia 8 na zinatarajiwa kupanda 8 nyingine, lazima kilo iwe shilingi 2,265. Mwenye karakana anakubali, kwa sababu naye anajua bei zake zitapanda. Benki Kuu inaendelea na asilimia 8 yake. Mwisho wa msimu, kazi ya kubangua imemgharimu kile kile ilichomgharimu mwanzo kabisa, 1,942 za Oktoba ya kwanza. Wale watatu wanaondoka. Wamebaki 20, na mfumuko ni 8.

Tazameni tulipofika, waheshimiwa. Mwaka wa kwanza 8 ilituletea watu 23. Mwaka wa pili 8 ileile inatuletea 20, idadi tuliyokuwa nayo mfumuko ulipokuwa 3. Mkunjo haukuvunjika. Umehama wote kwenda juu, kwa kiasi kilekile matarajio yalichopanda. Bado unateremka, bado kuna biashara ya kubadilishana mfumuko kwa ajira, ila sasa ili upate 23 unahitaji kuwashtua tena: bei zipande kama asilimia 13 wakati watu wanatarajia 8. Mwaka unaofuata, 18. Unanunua bidhaa ileile kwa bei inayopanda kila msimu, na siku unapoacha kuongeza, unarudi na 20 zako na mfumuko mkubwa juu yake.

Kwa wanaopenda kuliona kwa fomula, hii hapa, na inatosha:

```
p = m - b × (u - a)
```

Hapo p ni mfumuko wa bei, m ni mfumuko unaotarajiwa, u ni ukosefu wa ajira, na a ni ule ukosefu wa ajira unaobaki hata pale ambapo hakuna aliyekisia vibaya. Hiyo b inaonyesha ukali wa mteremko. Ikiwa watu wamekisia sawasawa, p na m zinalingana, na hesabu haina njia nyingine ila u kuwa sawa na a, uwe umechagua mfumuko wa 3, wa 8 au wa 30. Ndiyo maana mchoro wa muda mrefu hauteremki. Umesimama wima juu ya a. Milton Friedman alilisema hili katika hotuba yake ya Desemba 1967 mbele ya wachumi wenzake wa Marekani, na Edmund Phelps alikuwa amelifikia kwa njia yake katika kipindi hichohicho. Walilisema wakati takwimu za nchi yao zilikuwa bado zinaonekana kuwapinga.

Hazikuwapinga kwa muda mrefu. Marekani mwaka 1961 ilikuwa na ukosefu wa ajira wa asilimia 6.7 na mfumuko wa asilimia 1. Mwaka 1969 ukosefu ulikuwa 3.5 na mfumuko 5.5, nukta mbili ambazo zinakaa vizuri kabisa kwenye mstari unaoteremka. Lakini mwaka 1979 ukosefu wa ajira ulikuwa 5.8 na mfumuko 11.3. Vyote viwili vilikuwa juu kuliko mwaka 1969. Mafuta ya petroli yalichangia, mwaka 1973 na tena 1979, na haitakuwa haki kuyaacha. Hata hivyo mafuta peke yake hayaelezi kwa nini mikataba mingi ya mishahara iliyosainiwa wakati ule ilikuwa imeshaweka ndani yake ongezeko kubwa la bei kabla hata bei hazijapanda.

Kuna jambo jingine linalowagusa ninyi moja kwa moja kama viongozi. Katika mfano wangu akina mama walichukua msimu mzima kugundua. Walichelewa kwa sababu walikuwa wanaangalia nyuma. Mkisimama bungeni mkatangaza kwamba mwaka ujao mnaelekea asilimia 8 kwa ajili ya vijana, nao wakasikia redioni mwezi wa tisa, hawatasubiri debe la unga liwafundishe. Watadai 8 hiyo Oktoba hiyohiyo, na wale watatu hawataitwa hata kwa msimu mmoja. Kwa hiyo sera hii ina njia mbili tu. Mkiitangaza, haileti ajira. Mkiificha, italeta ajira chache za muda kwa kuwadanganya watu waliowaamini. Sioni ya tatu.

Nirudi nyumbani, maana mtu anaweza kusema hayo ni ya Wazungu. Wazee wa Newala, Masasi, Lindi na Mtwara wanakumbuka viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa na Serikali miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Msimu wa 1973/74 nchi ilikusanya tani 145,000 hivi za korosho. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa ni kuhamishiwa watu vijijini mbali na mashamba yao, ugonjwa wa ubwiri unga, na bei mbovu aliyolipwa mkulima. Viwanda vikakosa korosho, vikasimama, mashine zikaota kutu. Na mfumuko wa bei nchini katika miaka hiyohiyo, hadi katikati ya miaka ya 1990, ulikuwa unazunguka asilimia 30 kwa mwaka. Kama mfumuko ungekuwa unaleta kazi, Mtwara na Lindi zingekuwa zimejaa kazi wakati ule kuliko wakati wowote. Sisemi mfumuko ndio uliofunga viwanda. Nasema haukuweza kuvifungua, kwa sababu kila mtu alikuwa ameshauzoea na kuuweka ndani ya kila bei, na kile kilichowazuia watu kupata kazi hakikuwa na uhusiano na wingi wa noti.

Watetezi wa asilimia 8 hunijibu kwamba tukiona haifai tutarudi kwenye 3. Hapo ndipo hesabu inapokuwa chungu. Turudi karakanani msimu ule wa pili, kilo ni 2,265 kwa sababu wote wanatarajia 8. Tuseme Benki Kuu imeamua kurekebisha, ikakaza fedha, na bei zikapanda 3 tu. Kilo ile sasa ina thamani ya shilingi 2,036 za Oktoba ya kwanza, wakati mwenye karakana alikuwa tayari kwa 1,942. Kazi imekuwa ghali kwake kwa karibu asilimia 5. Kama unafuu wa kiasi hicho ulimfanya aite watatu, uzito wa kiasi hicho utamfanya awaage watatu. Wanabaki 17. Na watakaa 17 hadi pale akina mama watakapoamini kweli kwamba 3 imerudi. Wanaweza kuhitaji msimu mmoja, wanaweza kuhitaji minne. Inategemea neno lenu lina uzito gani baada ya kuwa limeshavunjwa mara moja.

Marekani walilipa deni hilo. Paul Volcker alipokabidhiwa Benki Kuu yao Agosti 1979, aliacha riba zipande hadi karibu asilimia 20, na ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982. Mwaka 1983 mfumuko ulikuwa asilimia 3.2. Ulishuka, lakini kwa mamilioni ya watu kukaa bila kazi, ili tu watu waamini tena kitu ambacho waliwahi kukiamini bure miaka ya mwanzo ya 1960.

Sisi imani hiyo tunayo leo, na haikupatikana kwa urahisi. Mfumuko wetu ulishuka chini ya asilimia 10 mwishoni mwa miaka ya 1990. Desemba 2011 ulifika tena asilimia 19.8, ukachukua muda kutulia. Tangu Januari 2024 Benki Kuu inatumia riba yake kama chombo kikuu: ilianza na asilimia 5.5, Aprili ikawa 6, na Julai 2025 ikaweza kushuka hadi 5.75. Hatua hiyo ya kushusha nakubaliana nayo kabisa, na haipingani na ninayoyasema. Matarajio yakiwa yametulia, Benki Kuu inaweza kuusaidia uchumi uliozorota bila mtu yeyote kukimbilia kupandisha bei. Nafasi hiyo ndiyo tutakayoipoteza matarajio yakihama.

Lazima niseme pia mahali ambapo mkunjo huu hautufai sana, kwa sababu nisingependa mtu autumie kama msumeno wa kukatia kila kitu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika upande wa Lindi, bidhaa zilipanda bei huku kwetu na kazi zikapungua kwa wakati mmoja. Hakuna aliyelegeza fedha. Njia ya bidhaa ilikatika. Kupanda kwa bei kwa namna hiyo hakupozwi kwa riba wala hakuleti ajira. Tofauti inaonekana mkiangalia mfumuko bila chakula na nishati: kama huo umetulia wakati ule wa jumla unaruka, na bei zilizoruka ni za vitu vichache, basi subirini njia ifunguke. La kuogopa ni pale mshtuko wa muda unapoanza kuingia kwenye makubaliano ya mwaka mzima.

Na hilo linaonekana kabla halijafika kwenye takwimu. Mwenye nyumba aliyekuwa anapokea kodi ya mwaka kwa bei moja anaanza kukataa mkataba unaozidi miezi mitatu. Wabanguaji wanataka kilo ipangwe upya katikati ya msimu. Mkulima akilipwa fedha za korosho hakai nazo hata wiki, anazigeuza bati na saruji hata kama hana mpango wa kujenga mwaka huo. Mimi nikiona mambo hayo matatu kwa pamoja hapa Mtwara, nitajua matarajio yameshahama, hata kama namba ya mwezi bado inasema 3.

Kasoro nyingine ni ya vipimo. Utafiti wa nguvukazi hapa nchini hufanyika kwa kupishana miaka mingi, mwaka 2006, 2014, kisha 2020/21, kwa hiyo hakuna anayeweza kuchora mkunjo wa Phillips wa Tanzania mwaka kwa mwaka kama Phillips alivyochora wa Uingereza. Tena huku kwetu watu wengi wako shambani mwao au kwenye biashara zao ndogo. Kazi zikipungua hawaingii kwenye orodha ya wasio na ajira, wanarudi kupalilia kwa saa chache na kipato kinashuka. Anayewaambia kwamba mfumuko ukiongezeka kwa kiasi fulani ajira zitaongezeka kwa idadi fulani Kusini, muulizeni namba hiyo ameipata wapi.

Ninachoomba basi ni hiki. Bakini na lengo lenu la mfumuko mdogo, na lielezeni huku kwa wakati unaotufaa. Matarajio ya Kusini hupangwa Oktoba, wakati minada ya korosho inaanza na bei za kubangua zinapatanwa. Benki Kuu ina tawi hapa Mtwara. Tawi hilo litume watu wake kwenye mikutano ya vyama vya msingi na redio za mikoa hii miwili kabla ya Oktoba kwisha, wakaeleze kwa Kiswahili cha kawaida kwamba mwaka ujao mnakusudia bei zipande kwa kiasi gani na mtafanya nini zikizidi. Mbanguaji akiwa na namba hiyo mkononi anapatana vizuri zaidi, na mwenye karakana hana haja ya kuogopa dai la 8 lililotokana na woga. Na mnapokusanya maoni ya watu kuhusu bei zijazo, mkiwauliza mabenki na wenye viwanda, waulizeni pia wanaolipwa kwa kilo.

Kuhusu ajira zenyewe, ipunguzeni ile a iliyomo kwenye fomula. Hiyo haisogei kwa noti, inasogea kwa mambo ambayo mnayajua kwa majina. Karakana ninayoiandikia hesabu husimama kila mwaka baada ya miezi michache, wala sababu si mishahara. Korosho ghafi zinakuwa zimekwisha. Mnadani kikundi kinashindana na wanunuzi wakubwa wanaosafirisha nje korosho ikiwa na ganda lake, na kinashindana nao kwa mkopo wa muda mfupi. Wekeni utaratibu wa wabanguaji wa ndani kupata sehemu yao ya mzigo kabla haujapakiwa bandarini, kwa bei ileile ya mnada ili mkulima asipunjwe, na kwa muda wa kulipa unaoendana na mauzo yao. Mkifanya hivyo wale wabanguaji watatu wataitwa, na watakuwepo Oktoba itakayofuata na ile ya baada yake, kilo ikiwa imepatanwa kwa bei ambayo pande zote mbili zimeielewa.

Niko tayari kuja kwenye kikao chochote mtakachoitisha Mtwara au Lindi, na daftari la hesabu za karakana nitakuja nalo, kwa ridhaa ya akina mama wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Uchumi,
Mtwara Mikindani